Kahawa Hii Imekaangwa Lini?

Mnunuzi wa samaki katika mialo ya Ilemela, tangu Kirumba hadi Igombe na Kayenze, hahitaji kufundishwa namna ya kununua. Humtazama samaki macho, kama yangali maangavu au yameingia ukungu. Hufunua mashavu auone wekundu wake. Hubonyeza mnofu kwa kidole aone kama unarudi. Na hata akiisha kuridhika na hayo yote, huuliza swali lile lile walilouliza mama yake na bibi yake: huyu kavuliwa lini? Muuzaji akisitasita katika jibu, mnunuzi huondoka zake.

Lakini mtu huyo huyo, atokapo mwaloni akaingia katika supamaketi yenye taa nyeupe na vigae vinavyong'aa, huuacha ujuzi wake wote mlangoni. Huchukua pakiti ya kahawa, hutazama rangi yake na bei yake, akaitia kikapuni. Hamwulizi mtu yeyote imekaangwa lini. Na lau angeuliza, katika duka zima asingepatikana mtu wa kumjibu.

Madai yetu katika makala haya ni mafupi. Kahawa iliyokwisha kukaangwa si jamaa ya chumvi wala sukari, vitu ambavyo vyaweza kukaa kabatini mwaka mzima na vikatoka kama vilivyoingia. Jamaa zake ni samaki na mkate. Ina siku zake za uzima, na siku hizo ni chache. Kwa hiyo mwenyeji wa Ilemela anayetaka kahawa yenye ladha hana budi kuinunua kwa mkaangaji aliye karibu naye, tena kwa mapatano ya kudumu, badala ya kuiokota katika rafu za supamaketi. Tunajua wako watakaotucheka. Tutazijibu hoja zao moja baada ya moja, lakini kwanza yafaa tueleze ni jambo gani hutendeka ndani ya punje ya kahawa, maana bila ya kulijua hilo ubishi wetu utakuwa kelele tu.

Buni, yaani kahawa mbichi iliyokobolewa, ni kitu kivumilivu sana. Ikiwa imekaushwa vizuri, unyevu wake ukabaki kiasi cha asilimia 11 au 12, ikawekwa katika gunia mahali pakavu penye kivuli, yaweza kukaa miezi mingi, hata karibu mwaka, bila kupoteza mengi. Haina harufu ya kahawa. Hunuka kama majani makavu, na ukiitafuna ni ngumu kama kokoto. Ladha yote tunayoijua imo ndani yake kwa umbo la akiba tu, nayo huamshwa na moto.

Mkaangaji anapoimimina buni katika kikaango chenye moto, huanza kugeuka kutoka ukijani kuwa manjano, na harufu yake huwa ya nyasi, kisha ya mkate unaookwa. Halafu huwa ya hudhurungi. Joto la punje likifika karibu nyuzi 200 za sentigredi, husikika mlio wa kupasuka, mithili ya bisi lakini kwa sauti ndogo zaidi. Mlio huo ndio saa ya mkaangaji. Kabla yake kahawa haijaiva. Dakika chache baada yake imeiva. Akiiacha motoni zaidi utasikika mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, na mafuta yatatokeza juu ya ngozi ya punje. Kutoka hapo ladha ya kahawa huanza kufunikwa na ladha ya moshi, na mwisho wake ni makaa.

Moto huo huacha mambo mawili ndani ya punje. La kwanza ni harufu nyingi nyepesi zinazoruka hewani upesi. La pili ni hewa ya kaboni, ile ile iliyomo katika chupa ya soda, ambayo hutoka kidogo kidogo kwa siku nyingi baada ya kukaanga. Hewa hiyo ni mlinzi: maadamu inatoka, huzuia hewa ya nje isiingie kwa wingi. Siku ya kwanza mlinzi huyo huwa mkali mno hata huyazuia maji ya moto yasipenye vizuri katika unga, ndiyo sababu wapishi wengi wa kahawa huiacha ipumzike siku mbili au tatu kabla ya kuitumia. Kutoka hapo hadi wiki ya tatu au ya nne, ikiwa ingali punje nzima na imefungwa vizuri, ndio wakati wake wa uzima. Baada ya hapo mlinzi amechoka, hewa ya nje imeingia, harufu zimekimbia, na mafuta yaliyobaki huanza kuchacha kama mafuta ya karanga za zamani. Ikisagwa, safari hiyo yote hufupishwa: jambo lililotaka wiki hutimia kwa siku chache, kwa kuwa punje imevunjwa kuwa vipande maelfu, na kila kipande kimefunuliwa hewani.

Sasa na tuitazame safari ya pakiti ya supamaketi. Hukaangwa kiwandani, husagwa huko huko, hufungwa, hupelekwa ghalani, hutoka ghalani kwenda kwa mwuzaji wa jumla, hutoka kwake kwenda dukani, na dukani hungoja mteja. Ikiwa ni ya kutoka ng'ambo, ongeza meli na bandari. Hata pakiti ngumu kama tofali, iliyonyonywa hewa yote, haitatui jambo hili kwa ukamilifu: kahawa iliyokaangwa sasa hivi ikifungwa namna hiyo, hewa yake itaifurisha pakiti mpaka ipasuke, hivyo mara nyingi huachwa kwanza iteme hewa yake kabla ya kufungwa. Yaani hupoteza sehemu ya harufu yake kabla hata haijaondoka kiwandani. Tukiri kwamba kufungwa huko huichelewesha kuharibika, na kwamba zile pakiti zenye kitundu cha kutolea hewa ni bora kuliko zisizo nacho. Lakini siku unapoikata pakiti, ulinzi huo umekwisha, na unga huo mwingi utakaoutumia kwa mwezi mzima umeachwa peke yake.

Na tarehe iliyochapwa chini ya pakiti je? Hapo ndipo mnunuzi hughilibiwa bila kuambiwa uongo. Tarehe hiyo aghalabu humwambia mwisho wa kutumia, mwaka mmoja au zaidi baada ya kufungwa. Husema kwamba kahawa hiyo haitamdhuru, na ni kweli, haitamdhuru. Haisemi hata kidogo kwamba itakuwa na ladha. Samaki mkavu naye hamdhuru mtu, lakini hakuna mvuvi wa Kayenze atakayemwita samaki mbichi.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wetu ni ya usafi na heshima. Husema: hapa mjini kahawa ya kukaangwa karibu ni ile ya kijiweni, inayotembezwa katika mdila juu ya jiko la makaa, na wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi kile kinachokaa juu ya rafu kimetulia ndicho kizuri.

Methali ni ya wahenga na sisi tunaiheshimu, lakini hapa imepelekwa isikohusika. Muuza kahawa hatembei kwa kuwa mali yake ni mbaya. Hutembea kwa kuwa kahawa yake haina subira. Ameikaanga jana au juzi, ameitwanga leo, ameichemsha saa hii, na akichelewa kuiuza itaharibika mikononi mwake. Kile kilichotulia juu ya rafu kimetulia kwa sababu hakina tena cha kupoteza. Wazee wanaoketi kwenye vijiwe vya Kirumba na Pasiansi, wakinywa kahawa chungu kwa kipande cha kashata huku wakizungumza habari za mpira na siasa, wengi wao hunywa kahawa iliyo hai kuliko ile inayowekwa mbele ya wageni mashuhuri katika mikutano ya ofisi. Katika utumishi wetu tumeiona mikutano hiyo mara nyingi mno: chupa ya maji moto, bakuli la sukari, na kopo la kahawa ya kuyeyuka ambalo kijiko chake kimeganda ndani. Mgeni ametoka mbali, amefika katika mji ulio ukingoni mwa ziwa la kahawa, naye hupewa unga.

Tumesema ziwa la kahawa, na hatukusema hivyo kwa kupamba. Upande wa magharibi wa ziwa hili ni Kagera: Bukoba, Muleba, Misenyi, Karagwe, Kyerwa. Huko mbuni wa aina ya robusta ni mmea wa asili, uliokuwapo kabla ya mkoloni yeyote kufika. Wahaya waliijua kahawa kwa kuitafuna kabla ya kuinywa. Matunda huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, na mgeni aingiapo nyumbani hupewa punje chache atafune kabla ya mazungumzo. Watu wawili waliotaka kufanya undugu wa damu waligawana punje hizo. Upande wa mashariki, katika milima ya Tarime, hulimwa kahawa ya arabika. Mwanza imekaa katikati ya hizo mbili, na meli ya New Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa, hutoka Mwanza usiku ikafika Bukoba asubuhi. Buni yaweza kuvuka ziwa kwa usiku mmoja. Mji uliojaliwa hivyo ukinywa kahawa ya kopo lililotoka bara jingine, hatuna neno la upole la kuuelezea.

Hoja ya pili ni kwamba kahawa ya kwetu ni robusta, nayo ni chungu, haina utamu wa zile za ng'ambo. Hoja hii ina punje ya ukweli, na punje hiyo tuikubali. Robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika, na sukari yake ya asili ni kidogo zaidi. Kwa hiyo ni kali kiasili. Lakini sehemu kubwa ya uchungu ambao watu huulaumu mbuni wa Kagera ni kazi ya kikaango. Robusta ikikaangwa polepole, ikatolewa muda mfupi baada ya mlio wa kwanza, ikiwa na rangi ya hudhurungi wala si nyeusi, hutoa ladha nzito, yenye kukumbusha karanga na nafaka iliyobanikwa, na povu jingi. Ukiichanganya sehemu mbili na sehemu moja ya arabika ya Tarime, unapata uzito wa ile na uchangamfu wa hii. Mchanganyiko huo hauhitaji ndege wala meli ya bahari. Unahitaji mkaangaji mmoja wa Ilemela mwenye magunia mawili.

Tena tuwakumbushe wanaoidharau robusta kwamba makopo mengi ya kahawa ya kuyeyuka wanayoyastahi hutengenezwa kwa robusta hiyo hiyo. Hatuna ugomvi na kiwanda cha TANICA kilichopo Bukoba tangu miaka ya 1960. Ni fahari kwamba kazi hiyo hufanyika nyumbani, na kahawa ya kuyeyuka ina mahali pake safarini na kazini, pale ambapo hakuna moto wala nafasi. Ugomvi wetu ni na fikira kwamba kopo ndiyo kahawa yenyewe, na kikaango ni ushamba.

Hoja ya tatu ni ya bei. Hii haijibiwi kwa maneno matupu, basi na tupige hesabu. Kahawa ikikaangwa hupoteza maji na maganda membamba, na uzito wake hupungua. Kwa mkaango wa kadiri, kilo 1 ya buni hutoa kiasi cha gramu 840. Maana yake ni kwamba, kabla ya kulipia makaa na jasho, kilo ya kahawa iliyokaangwa haina budi kuzidi bei ya kilo ya buni kwa karibu sehemu moja ya tano. Anayekuuzia kilo ya kahawa iliyokaangwa kwa bei ya kilo ya buni hakufanyii hisani. Ama amekuuzia buni mbovu, ama amechanganya na nafaka iliyounguzwa. Hilo la pili laweza kupimwa nyumbani: nyunyiza unga kidogo juu ya bilauri ya maji baridi. Unga wa kahawa una mafuta, huelea kwa muda. Unga wa nafaka iliyounguzwa huzama upesi na kuacha nyuzi za rangi ya udongo ndani ya maji.

Sasa tutwae nyumba moja kwa mfano, tuseme ipo Buswelu, yenye wanywaji wawili. Kila mmoja hunywa kikombe kimoja kikubwa asubuhi, na kila kikombe kinataka gramu 15 za kahawa. Siku moja ni gramu 30. Robo kilo itawatosha siku 8. Mkaangaji ataweka kikaangoni gramu 300 za buni ili atoe hiyo robo kilo. Kwa mwezi ni robo nne, yaani kilo 1. Nyumba hii haina haja ya kwenda dukani kutafuta. Hupatana na mkaangaji: kila Jumamosi utatuletea robo, nasi tutakulipa mwisho wa mwezi. Siku atakapoileta itakuwa imekaangwa Alhamisi, imekwisha kupumzika; na siku watakapoimaliza itakuwa na umri wa siku 10 tu. Hakuna pakiti ya supamaketi iwezayo kushindana na hesabu hiyo.

Wapo wanaodhani mapatano ya namna hii ni mtindo mpya uliotoka Ulaya, ambako watu hulipia kahawa kwa mwezi ikaletwa kwa posta. Lakini ni nyumba ngapi za Ilemela ziletewazo maziwa kila asubuhi kwa deni la mwezi? Muuza maziwa huja na kipimo chake, huandika katika daftari, na mwisho wa mwezi hesabu hufungwa. Hatukujifunza hilo kwa mtu. Twahitaji tu kuliongezea daftari ukurasa mmoja.

Faida ya mapatano haya kwa mkaangaji ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mkaangaji asiyejua atauza kiasi gani hukaanga nyingi kwa mara moja, akaiweka katika ndoo, akauza mpaka iishe, hata kama ni miezi miwili. Huyo hana tofauti na supamaketi ila taa. Lakini mwenye nyumba 20 zilizopatana naye anajua kwamba wiki hii anatakiwa kilo 5, wala si zaidi. Hukaanga kilo 5. Uchanga wa kahawa hauletwi na wema wa moyo wa mwuzaji. Huletwa na hesabu ya wanunuzi walio tayari.

Hapa ni lazima tuwageukie wakaangaji wetu wenyewe, maana makala inayowasema wa mbali ikawaachia wa karibu ni makala ya woga. Wengi wao huunguza kahawa. Huwasha moto mkubwa kwa haraka, na punje huwa nyeusi nje hali ndani ingali mbichi; kikombe chake huwa na moshi na ukakasi kwa pamoja. Dalili yake ni rahisi kuiona: vunja punje kwa kidole, na ikiwa rangi ya ndani ni hafifu sana kuliko ya nje, moto ulikuwa na pupa. Wengine huunguza kwa makusudi, kwa kuwa weusi huficha dhambi nyingi. Punje iliyooza, iliyotobolewa na wadudu, iliyoota ukungu, zote hufanana zikiwa makaa. Mkaangaji mwaminifu huimwaga buni katika ungo kabla ya moto, akachagua kwa mkono punje nyeusi, zilizovunjika na zenye matundu, kama mama anavyochagua mchele. Akiisha kukaanga huipepeta upesi ipoe, kwa sababu kahawa iliyorundikwa ikiwa na moto huendelea kuiva yenyewe na kupita kiasi.

Wala mkaangaji si mchawi. Hawezi kurudisha katika punje kitu ambacho hakikuwamo. Ikiwa kahawa ilianikwa juu ya ardhi tupu, itanuka udongo hata ikaangwe na bingwa. Ikiwa iliwekwa ghalani na unyevu mwingi, itanuka gunia bovu. Ndiyo sababu mnunuzi asiishie katika swali la tarehe ya kukaangwa, bali aulize pia imetoka wapi na ni ya mavuno yapi. Mkaangaji asiyejua buni yake imetoka wilaya gani hana haki ya kujiita mkaangaji. Yeye ni mchuuzi mwenye kikaango.

Na kwa kuwa tumefika shambani, hatuna budi kutaja kile kinachotuuma zaidi katika jambo hili. Huko Kagera kuna desturi iitwayo butura. Mkulima aliyebanwa na shida, karo ya mtoto au ugonjwa, huiuza kahawa yake ikiwa ingali maua au matunda machanga juu ya mbuni, kwa bei ya chini kabisa. Serikali imeipiga marufuku, lakini shida haisomi matangazo. Mwenye kununua kwa butura hana sababu ya kungoja tunda liwe jekundu. Akiwa na haraka ya kurudisha fedha yake, huchuma mabichi na mabivu kwa pamoja. Tunda bichi hutoa punje isiyo na utamu, yenye ukakasi, na hata ikikaangwa hubaki na rangi hafifu kati ya wenzake. Punje hizo utaziona, ukizitafuta.

Lakini ni nani anayezitafuta? Katika kopo la unga hazionekani. Katika pakiti iliyosagwa hazionekani. Soko lisilouliza swali hulipa bei moja kwa tunda bivu na kwa tunda bichi, na mkulima aliyengoja wekundu huonekana mjinga mbele ya jirani yake aliyekwangua tawi zima. Mnunuzi anayepokea punje nzima kila Jumamosi, akaziona kwa macho yake, akamwambia mkaangaji kwamba wiki hii kuna punje nyingi hafifu, huyo ameanza kuuliza swali. Mkaangaji atalipeleka swali hilo kwa aliyemletea gunia, na aliyemletea gunia atalipeleka Muleba. Hatusemi kwamba nyumba 20 za Buswelu zitaifuta butura. Deni haliondolewi kwa kikombe. Twasema kwamba pasipo mnywaji anayetambua tofauti, hakuna mtu njiani kote atakayelipia tofauti hiyo.

Basi haya ndiyo tunayomtaka kila mnywaji wa Ilemela ayashike atakapopatana na mkaangaji wake. Adai tarehe ya kukaangwa iandikwe kwa mkono juu ya mfuko. Adai punje nzima, asage nyumbani, iwe kwa kinu na mchi au kwa mashine ndogo, kiasi cha siku ile tu. Aiweke katika chombo kilichozibwa, mbali na jiko na dirisha, wala si ndani ya jokofu linalofunguliwa kila mara, kwa maana unyevu na harufu ya samaki vitaingia. Na kila mfuko mpya auonje kwa jicho kabla ya ulimi: amimine maji ya moto kidogo juu ya unga, angoje. Kahawa iliyo hai itavimba na kutoa povu kwa nusu dakika, kwa kuwa ile hewa mlinzi ingali ndani. Kahawa iliyokufa italala kama tope. Hiyo ndiyo ithibati, na haihitaji cheti cha mtu.

Kwa wenye supamaketi tuna neno moja, nalo si la uadui. Wao wana rafu, wana wateja, wana magari. Hakuna sheria inayowakataza kununua kahawa ya mkaangaji wa Ilemela kila wiki, wakaiandika siku ya kukaangwa kwa tarakimu kubwa, na ile iliyozidi mwezi mmoja wakaishusha bei mbele ya macho ya watu, kama wanavyoushusha mkate wa juzi. Wakifanya hivyo, hatutakuwa na ugomvi nao tena, na nusu ya makala haya itakuwa haina kazi. Mpaka siku hiyo, rafu zao zitabaki kuwa makaburi yaliyopambwa, na mwenye kutaka kilicho hai atakwenda kwenye harufu ya kikaango.